Kusoma grafu ya watazamaji YouTube: jinsi ya kujua kipande gani cha skripti uandike upya

"Kaka, nimeandika upya dakika ya nane mara tatu, kwenye video tatu, na grafu bado iko chini palepale." Ujumbe wa namna hii naupata mara nyingi, na anayeuandika huwa si mvivu. Amefungua takwimu, ameona mstari uko chini, ameenda kwenye skripti akapakarabati hapohapo.

Tatizo ni kwamba dakika ya nane mstari lazima uwe chini. Aliyeondoka dakika ya kwanza hayupo tena kuhesabiwa dakika ya nane. Kuwa chini hakukuambii chochote kuhusu maneno yaliyosemwa hapo. Unachotafuta ni mahali ambapo mstari unashuka kwa kasi kuliko sehemu nyingine za video hiyohiyo, na kasi hiyo jicho peke yake haliioni vizuri. Inabidi uihesabu.

Mwongozo huu ni wa video ndefu za kuongea: mafunzo, maelezo, uchambuzi. Video fupi za Shorts zina tabia zao na siziingizi humu.

## Andaa hivi kwanza

- Video yenye data ya kutosha. YouTube Studio haionyeshi sehemu hii kwa video iliyo chini ya sekunde 60 au iliyotazamwa chini ya mara 100, na takwimu zake huchelewa siku moja hadi mbili. Mimi husubiri wiki nzima na angalau mara 500. Kwenye mara 100, mtu mmoja ni asilimia moja. Watu wanne wakiitwa kula ugali kwa wakati mmoja, utaandika upya aya ambayo haikuwa na kosa.
- Kompyuta. Programu ya simu inaonyesha grafu hiyohiyo, ila kidole kinaziba mahali unapotaka kusoma.
- Skripti ilivyosemwa. Ile uliyoandika kabla ya kurekodi haifai kama uliongeza maneno mbele ya kamera. Sikiliza video, sahihisha maandishi yalingane na sauti.
- Jedwali la kompyuta, au daftari la mistari na kikokotoo.
- Spika za masikioni. Utaona kwa nini kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Gawa skripti kabla ya kuona grafu

Soma skripti yako na ukate vipande kwa kazi ambayo kila kipande kinafanya: hapa nasalimu, hapa naeleza, hapa naonyesha, hapa nauza. Pembeni ya kila kipande andika muda kinapoanzia na kinapoishia kwenye video.

Sababu ya kufanya hivi kabla ya kufungua takwimu ni kwamba ukishaona mstari umeporomoka dakika ya pili, utakata vipande vyako vikubaliane na poromoko hilo, na tayari utakuwa umeamua mwenye kosa kabla ya kesi.

Kipande kisipungue nusu dakika. Takwimu hizi, kwa wanaozichukua kwa njia ya programu, huja kama pointi 100 kwa video nzima, yaani kila pointi ni asilimia moja ya urefu. Kwenye video ya dakika 10 pointi moja ni sekunde 6, kwenye ya dakika 40 ni sekunde 24. Ukijaribu kuhukumu sentensi moja moja, unasoma kitu ambacho hakijapimwa.

Umefanikiwa kama una vipande sita hadi kumi na kila kimoja kina jina la neno moja hadi matatu. Kipande kisichopatikana jina kwa kawaida kina kazi mbili ndani yake, kigawe.

Tutatumia video ya mfano hadi mwisho: ratiba ya chanjo kwa kuku chotara, dakika 10 kamili, imetazamwa mara 2,000. Namba nimezipanga mwenyewe ziwe rahisi kuhesabu, lakini umbo lake ndilo ninalokutana nalo kila mara kwenye video za mafunzo.

## Hatua ya 2: Soma mwanzo na mwisho wa kila kipande

Ndani ya YouTube Studio fungua `Content`, chagua video, ingia `Analytics`, kisha shuka hadi `Key moments for audience retention`. Peleka kishale juu ya mstari, kitakuonyesha muda na asilimia. Andika asilimia kipande kinapoanza na kinapoisha tu. Usiandike hisia zako bado.

| Kipande | Muda | Mwanzo | Mwisho |
|---|---|---|---|
| Salamu | 0:00–0:30 | 100 | 62 |
| Kideri ni nini | 0:30–1:50 | 62 | 46 |
| Ratiba ubaoni | 1:50–3:30 | 46 | 44 |
| Tangazo | 3:30–4:10 | 44 | 41 |
| Kuchanganya chanjo | 4:10–7:30 | 41 | 33 |
| Mfugaji anasimulia | 7:30–8:40 | 33 | 21 |
| Kuaga | 8:40–10:00 | 21 | 8 |

Mstari unaweza kupanda, na mwanzoni unaweza hata kuvuka 100. Usishtuke. Anayerudisha nyuma na kutazama tena anahesabiwa tena kwa sekunde zile alizorudia.

## Hatua ya 3: Tenganisha walioruka na walioondoka

Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi, kwa hiyo nenda taratibu.

Mstari ukishuka na kubaki huko chini, watu wameondoka kabisa. Ukishuka kisha ukapanda tena karibu na ulipokuwa, watu wameruka kipande na kutua mbele yake. Wa kwanza wameikataa video yako. Wa pili wanaitaka, ila hicho kipande hapana. Dawa zao hazifanani.

Kwenye video ya kuku, wakati wa tangazo mstari ulizama hadi 30 kisha ukarudi 41. Jicho linaona shimo kubwa kuliko yote kwenye grafu, na mwenye chaneli anataka kuanza nalo. Lakini linganisha kingo mbili za shimo: 44 kabla, 41 baada. Waliopotea kweli ni pointi tatu, yaani watatu kati ya kila 100. Waliobaki walisogeza mbele, wakarudi kwenye kuku wao. Tangazo la sekunde 40 halijawaua. Unaweza kulifupisha kama mteja amekubali, lakini haliingii kwenye foleni ya kuandikwa upya.

Ndiyo maana kwenye hatua ya 2 nimekutaka uandike kingo tu. Kina cha bonde kinapotosha.

Vilima navyo vinahitaji kusomwa kwa shaka. Dakika 2:40, ratiba ilipokaa kwenye kioo, mstari ulipanda kutoka 45 hadi 58. Ni rahisi kufurahi kwamba watu wamependa. Rudi utazame: jedwali la chanjo lilikaa kwenye kioo sekunde sita. Hakuna mtu anayeweza kunakili chanjo nne na siku zake kwa sekunde sita akiwa na kalamu mkononi, kwa hiyo walirudisha nyuma mara mbili, mara tatu. Kilima hicho kina sifa na lawama ndani yake. Kilima cha namna hiyo kikiwa juu ya maelezo ya mdomo tu, bila picha wala jedwali, mara nyingi maana yake ni kwamba sentensi haikueleweka. Isome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua mada, uone kama atakuuliza urudie.

Umefanikiwa kama kila bonde na kila kilima umeliandikia neno moja pembeni: wameruka, wameondoka, wamerudia.

## Hatua ya 4: Hesabu kasi ya kupoteza

Sasa angalia jedwali tena. "Kideri ni nini" kimepoteza pointi 16. "Mfugaji anasimulia" kimepoteza 12. Kipi kibaya zaidi?

Ukitazama pointi, utasema cha kideri. Lakini mfugaji alianza kusimulia mbele ya watu 33 kati ya kila 100, na 12 kati yao wakanyanyuka, zaidi ya theluthi ya waliokuwa wamekaa. Tena kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo gawanya waliopotea kwa waliokuwapo mwanzo wa kipande, kisha gawanya kwa dakika za kipande.

Kwenye jedwali la kompyuta weka sekunde za mwanzo safu ya A, sekunde za mwisho B, asilimia ya mwanzo C, ya mwisho D, halafu andika:

```
=(C2-D2)/C2/((B2-A2)/60)
```

Badilisha muonekano wa seli uwe asilimia. Kwa video yetu inatoka hivi, kwa kila dakika moja: kideri 19, ratiba 3, tangazo 10, kuchanganya 6, mfugaji 31, kuaga 46.

Salamu sikuihesabu kwa njia hii, na wewe usifanye hivyo. Nusu dakika ya kwanza kila video inavuja, kwa kuwa wamo waliobonyeza kwa bahati mbaya na waliodhani ni kitu kingine. Ukiilinganisha na dakika ya tano itashindwa siku zote. Studio inakupa asilimia ya waliobaki kwenye sekunde ya 30 na kuilinganisha na kawaida ya video zako nyingine za urefu unaokaribiana. Tumia hiyo. Kama kawaida yako ni 70 na hii ni 62, kuna kazi ya kufanya. Kama kawaida yako ni 60, tatizo ni la mazoea yako yote ya kufungua video, na utalitibu kwenye kila skripti kuanzia sasa.

Kipande cha kuaga pia usikihukumu kwa kasi. Watu huondoka wakihisi kazi imeisha, na ni haki yao. Angalia kitu kimoja tu: neno gani liliwafungulia mlango. Kwa video hii lilikuwa "Kwa hiyo kwa leo", dakika 8:40. Baada ya neno hilo usiweke jambo la maana, kwa sababu hakuna wa kulisikia.

Onyo: geuza pointi kuwa vichwa vya watu kabla hujaiamini kasi. Kwa watazamo 2,000, pointi moja ni watazamo 20, kwa hiyo pointi 12 za mfugaji ni 240. Hiyo si bahati mbaya. Kwa watazamo 150, pointi tatu ni watu wanne au watano. Hapo acha, subiri.

## Hatua ya 5: Panga foleni

Kwa kasi peke yake ungeanza na mfugaji. Ungepoteza muda wako.

Anayeondoka dakika ya pili anaondoka na dakika nane zilizobaki. Anayeondoka dakika ya nane na nusu ameshakula karibu chakula chote. Kwa hiyo kati ya vipande vyenye kasi mbaya, anza na chenye hasara kubwa: pointi zilizopotea mara dakika zilizobaki baada yake. Kwa video ya sekunde 600:

```
=(C2-D2)*(600-B2)/60
```

Salamu inatoa 361. Kideri 131. Mfugaji 16. Fomula hii ni ya vipande ambavyo kasi yake tayari umeitilia shaka tu. Ukiitumia kwa vyote, kipande kirefu kizuri kama cha kuchanganya kitaonekana kibaya kwa sababu ya urefu wake.

Ili uone tofauti inavyokuwa: tuseme kideri kikiandikwa upya, kipoteze watu kwa kasi ya 6 kama kile cha kuchanganya. Dakika 1:50 utabaki na 57 badala ya 46, na kila kipande kinachofuata kinapanda kwa karibu robo. Wastani wa kutazama, ambao sasa ni kama dakika 3 na sekunde 54, unaongezeka kwa sekunde 44 hivi. Ukifanya vivyo hivyo kwa mfugaji na kuacha kideri, unapata sekunde 9.

Hesabu hii ina upendeleo kidogo. Inadhani uliowazuia kuondoka watakaa kama waliobaki kwa hiari, na kwa kweli wengine watatoka kipande kinachofuata. Itumie kupanga foleni, usimwahidi mteja sekunde 44.

## Hatua ya 6: Tafuta sentensi iliyofungua mlango

Grafu inakuonyesha mtu alipotoka, na aliamua kutoka kabla ya hapo. Husikia kitu, husubiri kidogo kuona kama kitapita, ndipo kidole hugusa kioo. Kwa hiyo poromoko likianza sekunde ya 52, usiisome sentensi ya sekunde ya 52. Rudi nyuma sekunde 5 hadi 15.

Kwenye kipande cha kideri, sekunde ya 52 kuna maneno mazuri tu kuhusu virusi. Sekunde ya 41 kuna haya: "Kabla hatujaingia kwenye ratiba, ni vizuri kwanza tukafahamu ugonjwa wa kideri ni nini." Huyo hapo. Mtu alibonyeza video yenye jina la ratiba, na umemwambia kwa kinywa chako kwamba ratiba bado.

Neno "kabla hatuja" kwenye skripti zangu sasa nalitafuta kwa kompyuta kama ninavyotafuta makosa ya tahajia. Pamoja na "kwa ufupi tu", "kama nilivyosema" na "sitaki kukuchosha".

Kabla ya kugusa maneno, hakikisha kosa ni la maneno. Vaa spika za masikioni, fumba macho, sikiliza kuanzia sekunde 20 kabla ya poromoko. Muziki umepanda ukafunika sauti? Umebadilisha maiki na sauti ikawa ya chooni? Kisha tazama bila sauti: picha imeganda, maandishi yamejaa kioo, giza limeingia? Kama mojawapo ni kweli, skripti haina hatia. Mpelekee mhariri wa video.

Kwa salamu kuna kipimo cha ziada. Hali ya juu ya takwimu, `Advanced mode`, inakuruhusu kugawa grafu kwa watazamaji wapya na wanaorudi. Wapya wakiondoka na wanaorudi wakabaki, umeongea kama mtu aliye nyumbani kwake na mgeni hakuelewa. Wote wakiondoka sawasawa, linganisha sentensi zako za kwanza na jina la video na picha ya jalada. Huenda jina limeahidi kitu ambacho video haina, na hapo hakuna aya itakayokuokoa. Badilisha jina.

Kama ulilipia tangazo ili kusukuma video, toa kwanza watazamo wa tangazo kwenye grafu. Wale hawakuichagua video, na kuondoka kwao hakusemi lolote kuhusu uandishi.

## Hatua ya 7: Andika upya, vipande viwili tu

Viwili, kwa mpangilio wa foleni. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilifanya kazi.

Salamu. Ilivyokuwa: "Asalaam aleikum, habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena katika chaneli yetu pendwa. Kama ni mara yako ya kwanza usisahau kusabskraibu na kubonyeza kengele ili usipitwe. Leo nimewaandalia mada muhimu sana kwa wafugaji." Sekunde 22, na neno chanjo halijatajwa.

Kuna msomaji aliwahi kuniambia kuondoa salamu ni utovu wa adabu. Nakubaliana naye, salamu ibaki. Mswahili hamvamii mtu na hoja mlangoni. Kinachoondoka ni mistari miwili iliyoifuata.

Ilivyo sasa: "Asalaam aleikum. Ratiba ya chanjo za kuku chotara hii hapa kwenye kioo, kuanzia siku ya saba mpaka chanjo ya ndui. Na nitakuonyesha kosa moja la maji linalofanya kuku waliochanjwa wafe kama hawajachanjwa." Ombi la kusabskraibu nimelihamishia baada ya ratiba, mtu akiwa ameshapata alichofuata.

Kideri ni nini. Kosa la waandishi wengi hapa ni kufupisha. Sekunde 80 zinakuwa 50, na mtazamaji bado anaambiwa asubiri. Tatizo la kipande hiki ni mahali kilipokaa. Maelezo ya ugonjwa yana faida yakiwa ndani ya ratiba, kama sababu ya kila mstari wake.

Ilivyokuwa: "Kideri ni ugonjwa unaosababishwa na virusi, na umekuwa ukiwasumbua wafugaji wengi. Dalili zake ni pamoja na kuhara kinyesi cha kijani, kupinda shingo na kupooza."

Ilivyo sasa, moja kwa moja baada ya salamu: "Siku ya saba: kideri. Andika. Hii ndiyo ukiikosa unaamka asubuhi unakuta kuku amepinda shingo na anahara kijani, na hapo hakuna dawa ya kumrudisha, maana ni virusi. Siku ya 14: Gumboro. Hii inashambulia kinga ya kifaranga, kwa hiyo ukiiruka hata zile chanjo nyingine hazishiki vizuri."

Habari zilezile, virusi wamo, shingo iliyopinda imo. Lakini mtazamaji amepokea siku ya saba kabla hajasikia maelezo, na kila maelezo yamekuja yamebeba mstari wa ratiba. (Ratiba yenyewe fuata ya mtaalamu wa mifugo wa eneo lako, mimi hapa ni mwandishi wa skripti.) Na jedwali likae kwenye kioo muda wote huo, kwa ajili ya wale waliokuwa wanarudisha nyuma dakika 2:40.

Mfugaji yuko foleni kwa video ijayo, lakini nitakuonyesha atakapokwenda. Masimulizi yake ya sekunde 70 yalikuwa na kitu kimoja kipya: alichanganya chanjo kwenye maji ya bomba yenye klorini, ikafa kabla ya kufika kwa kuku. Mengine yote yalikuwa kurudia yaliyokwisha kusemwa. Watu hawakumkimbia yeye, walikimbia marudio. Kata sekunde 15 za maji ya bomba, zipachike ndani ya kipande cha kuchanganya, mara tu baada ya kusema chanjo inywewe iishe ndani ya saa mbili. Zinazobaki zifutwe.

Onyo: usiguse kipande chenye kasi nzuri kwa sababu tu umechoka kukisikia. Kile cha kuchanganya, kasi 6 kwa dakika tatu na sekunde 20, ndicho kinachobeba video hii. Kiache.

Umefanikiwa kama unaweza kusoma sekunde 60 za mwanzo kwa sauti na mtu aliye chumba cha pili akakuambia video inahusu nini na amepata nini tayari.

## Hatua ya 8: Video iliyopo na video ijayo

Video iliyokwisha kupandishwa huwezi kuiwekea maneno mapya bila kuipandisha upya, na ukiipandisha upya unapata kiungo kipya na unaanza sifuri. Unachoweza ni kukata. Ndani ya Studio kuna `Editor`, humo kuna `Trim & cut`. Kiungo, maoni na idadi ya watazamo vinabaki. Chaneli isiyo kwenye mpango wa washirika wa YouTube hairuhusiwi kuhifadhi mabadiliko haya kwa video iliyopita watazamo 100,000, kwa hiyo usisubiri ikue ndipo ukumbuke.

Kwa video ya kuku ningekata sekunde 8 hadi 22 za salamu na sentensi ya "kabla hatujaingia". Sikiliza maungio kwa makini. Pumzi iliyokatwa katikati huzaa bonde lake yenyewe.

Kwenye video ijayo, ya mada nyingine, linganisha kipande kwa kipande. Dakika kwa dakika haitakusaidia, kwa kuwa urefu utakuwa tofauti. Chukua kipande chake cha maelezo, popote kilipo, hesabu kasi kwa fomula ileile na uiweke kando ya 19.

Ikiwa bado 17 au 18, hujabadilisha chochote ambacho mtazamaji amekihisi, rudi hatua ya 6 utafute sentensi nyingine ya mlangoni. Ikiwa salamu mpya haijapandisha sekunde ya 30 kwenye video mbili mfululizo, acha maneno na uanze kuchunguza majina ya video zako. Na kasi ya maelezo ikishuka chini ya 10, usiendelee kuyasugua. Nenda kwa mfugaji.